Miaka Tisini na Tisa ya Mtaa wa Saron

Mtaa wa Saron ulikuwa na pande mbili, na mgeni aliyepita hapo mara ya kwanza asingeona tofauti. Nyumba za upande wa juu na za upande wa chini zilijengwa kwa jiwe lile lile la kijivu lililovunjwa mlimani, zikaezekwa kwa vibamba vile vile vya mawe, kila moja na mlango wake na dirisha lake la mbele. Mvua ya bonde la Cwmhelyg ilizinyeshea zote bila upendeleo, na vumbi la makaa liliingia kote.

Tofauti ilikuwa chini ya nyayo. Upande wa juu ulikuwa zamani shamba la mkulima mmoja mlevi, aliyeuza viwanja vyake moja kwa moja, udongo na kila kitu. Aliyenunua alinunua ardhi ya milele, yake na ya uzao wake. Upande wa chini ulikuwa wa bwana wa Plas Hendre, na mabwana wa Plas Hendre hawakuuza udongo, waliukodisha. Walitoa lizi, yaani mkataba wa kukodi ardhi, ya miaka tisini na tisa kuanzia tarehe ishirini na tano Machi, mwaka 1850, kwa kodi ndogo ya ardhi kila mwaka. Mpangaji ajenge mwenyewe kwa gharama yake. Siku miaka ikiisha, ardhi irudi kwa bwana pamoja na chochote kitakachokuwa kimesimama juu yake.

Teifion Probert alizaliwa upande wa chini. Nyumba alimozaliwa ilijengwa na babu yake, ambaye mchana alikuwa chini ya ardhi akichimba makaa na jioni za kiangazi alikuwa juu ya kuta akipanga mawe. Babu alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano alipotia alama yake kwenye lizi. Kwa kijana wa umri huo, miaka tisini na tisa na milele ni kitu kimoja. Wote walioweka alama siku ile walifikiri hivyo, wakarudi nyumbani wakiimba.

Babu akamwachia baba, baba akamwachia Teifion. Kila mmoja aliongeza kitu chake. Baba alibadilisha paa. Teifion, mwaka ambao mke wake Ceinwen aliumwa mgongo hata akashindwa kubeba ndoo, alijenga bafu nyuma ya jiko: bomba la maji, sinki jeupe, na beseni kubwa la chuma alilolivuta kutoka stesheni kwa mkokoteni wa kuazima. Lilikuwa bafu la kwanza upande wote wa chini. Wanawake wa mtaa walikuja kulitazama kama wanaokuja kumwona mtoto mchanga, na Ceinwen aliwapikia chai.

Shimoni, kwenye machimbo ya makaa, alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Alikuwa na sauti, na alikuwa na kichwa cha sheria na taratibu za mikutano, na hakuna kikao cha chama cha wachimbaji kilichofungwa kabla Teifion hajasimama na kusema, "Mwenyekiti, natoa azimio." Kwa hiyo bonde zima lilimwita Teifion Azimio. Alipofika miaka hamsini na tano, vumbi lilikuwa limeshamkaa mapafuni, akapanda juu kwa mara ya mwisho na kuanza kuishi kwa fidia na pumzi fupi. Jina la Azimio alibaki nalo.

Hilo jina ndilo lililomponza.

*

Katika masika ya mwaka 1946 bwana mzee wa Plas Hendre alifariki, na serikali ikamtaka mrithi wake alipe ushuru mkubwa wa urithi. Kwa mara ya kwanza tangu mtaa ujengwe, mali ya Plas Hendre ilihitaji fedha kwa haraka. Bwana Colbourne, wakala wa mali hiyo, alikuja kwenye chumba cha mikutano nyuma ya kanisa la Saron, akasimama mbele ya watu wa upande wa chini akiwa ameshika kofia yake mkononi.

"Tunauza ardhi iliyo chini ya nyumba zenu," alisema. "Kila mtu anunue kipande chake. Akimaliza kulipa, lizi inakufa na ardhi inakuwa yake milele, kama jirani zenu wa juu. Najua bei ni kubwa. Mnaweza kulipa kidogo kidogo kwa miaka kumi na mitano."

Bei ilikuwa kubwa kweli. Watu waliguna. Leah Bevan, mjane aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwa Teifion, aliinua mkono. "Baba yangu aliwahi kuambiwa bei ndogo kuliko hiyo, tena ndogo sana. Ardhi imenenepa?"

"Ardhi ni ile ile, mama. Wakati wa baba yako, bwana alikuwa bado na miaka thelathini ya kuisubiri. Sasa amebakiza mitatu."

Colbourne alipotoka ili wazungumze, Teifion alisimama. Kifua kilikuwa kinampiga filimbi, lakini sauti ilikuwepo bado.

"Mwenyekiti, natoa azimio. Tusinunue."

"Azimio huyo!" mtu akapiga kelele nyuma, na watu wakacheka.

"Chekeni, halafu mnisikilize. Mwaka jana tumechagua serikali ya nani? Yetu. Mwakani inachukua mashimo. Nyumba za kampuni ya makaa kule mtaa wa pili nazo zinachukuliwa, zinakuwa za umma. Makaa yenyewe yameshachukuliwa kutoka kwa hawa mabwana, tangu wakati wa vita. Sasa niambieni, serikali itachukua makaa yaliyo chini, itachukua shimo, itachukua nyumba za kampuni, halafu imwachie bwana udongo uliopo katikati kama nyama ndani ya mkate? Ninyi mna akili? Leo tukimpa huyu fedha zetu, kesho tutakuwa tumenunua kitu ambacho tayari ni chetu."

Walimpigia makofi. Hata Leah alipiga, ingawa taratibu. Ceinwen, aliyekaa karibu na mlango, hakupiga. Walipokuwa wakirudi nyumbani aliuliza tu, "Teifion, una hakika?"

"Mke wangu, ni hesabu ya darasa la kwanza."

Azimio lilipita. Hakununua hata mmoja.

Mwaka uliofuata, siku ya kwanza ya Januari, kibao kilipigiliwa getini kwa shimo kusema kwamba machimbo sasa yanaendeshwa kwa niaba ya wananchi. Teifion alisimama kwenye theluji na kulia bila aibu, na wanaume wengi walilia pamoja naye. Nyumba za kampuni zilichukuliwa, kama alivyosema. Makaa yalikuwa ya wananchi, kama alivyosema. Lakini nyumba za upande wa chini hazikuwa za kampuni, na udongo wa Plas Hendre haukuwa makaa. Hakuna sheria iliyougusa. Alingoja mwaka mzima iguse. Kila Jumamosi alikwenda maktaba ya wachimbaji kusoma magazeti, mstari kwa mstari, akirudi kimya zaidi kuliko alivyokwenda.

Mrithi wa Plas Hendre aliuza msitu wake mmoja mahali pengine, akalipa ushuru wake, na hakuhitaji tena kuuza chochote. Kilichobaki kwake kilikuwa kusubiri, na kusubiri hakukumgharimu kitu.

*

Mwezi wa Oktoba 1948 Teifion alikwenda mjini kumwona wakili, Bwana Gethin Lloyd, mtoto wa mchimbaji, ambaye mwenyewe aliwahi kufundishwa na Teifion kushika sururu kabla hajashika kalamu. Ceinwen alikuwa amemshawishi. Kama hawawezi kuibakiza nyumba, waiuze, wapate chochote, wahamie karibu na binti yao Eluned kule Barry.

Gethin alimkaribisha kiti, akamwagizia chai, akaisoma lizi yote ingawa alijua ilichosema.

"Mzee Teifion, nitakwambia kama ningemwambia baba yangu. Nyumba yako na ya Mostyn Haverd, mkabala na wewe upande wa juu, ni pacha?"

"Yangu nzuri zaidi. Mostyn hana bafu."

"Haya. Ya Mostyn nikiitangaza leo, Jumatatu nina mnunuzi. Yako hakuna atakayeinunua."

"Jiwe ni lile lile, Gethin."

"Watu hawanunui jiwe, mzee. Kwenye ardhi ya milele wananunua jiwe na siku zote zijazo. Kwenye lizi wananunua miaka iliyobaki, basi. Baba yako alipokuwa kijana, lizi hii ilikuwa na miaka sitini hivi. Nyumba yenu na ya akina Mostyn zingeuzwa karibu bei moja, kwa sababu miaka sitini ni mingi kwa mtu mzima. Ilipobaki arobaini, wakopeshaji wakaanza kuuliza maswali. Wanataka deni liishe miaka mingi kabla ya lizi, maana lizi ikifa dhamana yao inakufa nayo. Ilipobaki ishirini wakakataa kabisa kukopesha. Asiyeweza kukopa hawezi kununua, kwa hiyo bei ikaanguka. Sasa imebaki miezi mitano. Nani atanunua miezi mitano?"

Teifion alitazama mikono yake. Ilikuwa na madoa ya bluu, makovu ya makaa yaliyofungiwa chini ya ngozi.

"Ni kama mwamba wa makaa," alisema mwishowe. "Shimo laweza kuwa na mnara mpya na mashine mpya. Makaa yakibaki ya miezi mitano, ni chuma chakavu."

"Ndivyo. Na kila mwaka uliokutoka wewe, ulikwenda kwa bwana. Haukupotea. Ndiyo maana bei ya kununua ardhi ilizidi kupanda kadiri nyumba yako ilivyozidi kushuka."

"Na ile bei ya mwaka arobaini na sita?"

Gethin alikunja lizi polepole. "Ilikuwa ya juu, lakini mtu mwenye shida ndiye aliyekuwa anauza. Haitarudi."

"Gazeti lilisema kuna kamati London inayotazama mambo ya lizi."

"Ipo. Inakaa. Lakini lizi haikai, mzee, inatembea."

Teifion alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikadumu mpaka chai ikapoa.

*

Colbourne alikuja kukagua Januari. Alipita nyumba zote za upande wa chini, kwa sababu lizi ilisema mpangaji arudishe nyumba ikiwa katika hali nzuri, na kwamba atakayeirudisha mbovu alipe. Hakuwa mtu mbaya. Alifuta viatu mlangoni na kumwita Ceinwen mama. Aliandika: vibamba vya paa vilivyopasuka, mfereji wa mvua unaovuja, chokaa ya ukuta wa nyuma, mbao za chumba cha juu.

Kisha akafungua mlango wa bafu. Alifungua bomba, akaangalia maji yanavyotiririka, akafunga.

"Hili bafu ni la nani?"

"Langu," alisema Teifion. "Nimelijenga mimi."

"Kazi safi sana." Akaandika. "Mnaweza kukaa, Bwana Probert. Plas Hendre itawapa mkataba mpya, lakini si kwa kodi ya ardhi tena. Itakuwa kodi kamili ya nyumba, kila wiki." Akataja kiasi.

Ceinwen alishika ukingo wa meza. Kiasi hicho kingekula zaidi ya nusu ya fidia ya mapafu.

"Leah Bevan umemtajia pungufu ya hapo," alisema Teifion.

"Nyumba ya Bi. Bevan haina bafu."

Nje mtu alipita na mbwa. Teifion alimtazama yule mwanaume safi aliyesimama kwenye sakafu aliyoipanga yeye, kigae kwa kigae, na akaelewa kwa mwili mzima kile ambacho kwa Gethin alikuwa amekielewa kwa kichwa tu. Babu alimjengea bwana kuta. Baba alimjengea bwana paa. Yeye alimjengea bwana bafu, na sasa bwana angempangisha.

"Hatuwezi," alisema Ceinwen, kwa sababu mumewe hakuwa na pumzi ya kusema.

*

Matengenezo aliyafanya mwenyewe, kwa sababu fundi angewamalizia kile kidogo walichonacho. Yaani alianza kuyafanya. Siku ya pili Mostyn Haverd, jirani wa ng'ambo, alimkuta ameketi kwenye kipandio cha tatu cha ngazi, midomo imegeuka rangi ya vibamba vya paa.

"Shuka hapo, Azimio. Unataka kumfia bwana juu ya paa lake?"

"Niache, Mostyn."

"Nikuache uanguke kwenye bustani yangu ya maua?"

"Bustani yako iko ng'ambo ya barabara."

"Kwa ulivyo mwepesi, upepo utakufikisha. Shuka."

Mostyn alipanda badala yake. Siku nzima alipanga vibamba vya mtu mwingine kwa ajili ya mtu mwingine tena, akitukana kwa sauti ya juu ili mtaa usikie. Teifion alikaa chini akimpa misumari. Walikuwa wamefanya kazi pamoja shimoni tangu wana miaka kumi na minne, kwa ujira mmoja, chini ya mwamba mmoja. Babu wa Mostyn alikuwa ametia alama yake ng'ambo ya barabara, basi. Inasemekana alichagua upande wa juu kwa sababu mkewe alipenda jua la asubuhi.

"Ungekuwa wewe," Teifion aliuliza jioni walipokuwa wakila supu ya kondoo na mboga za liki jikoni, "mwaka ule ungenunua?"

Mostyn aliweka kijiko chini. "Nilikuwa kwenye ule mkutano, nimesimama dirishani. Nilikupigia makofi. Kumbuka lakini, mimi kupiga makofi hakukunigharimu kitu."

Kwa Leah Bevan alikwenda peke yake. Leah alikuwa ametia sahihi mkataba mpya; wanawe wawili walikuwa bado shimoni, na mishahara yao ingeweza kubeba kodi, kwa shida. Alimkuta anakanda unga. Teifion alivua kofia.

"Leah, nimekuja kwa sababu ya lile azimio."

"Najua kilichokuleta. Tangu mwaka mpya unapita mlangoni kwangu kama mbwa aliyeiba nyama."

"Kama nisingesimama siku ile…"

"Kama usingesimama ningenunua," alisema Leah. Hakuacha kukanda. "Nilikuwa nimeshahesabu. Ningeuza piano. Wanangu wangekula mkate mtupu, lakini ningenunua. Nilitaka ulijue hilo, Teifion, sitakuficha."

Teifion aliinamisha kichwa.

"Na jambo jingine ulijue pia. Uliposema udongo utakuwa wetu, nilikuamini kwa sababu nilipenda ulivyosema. Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniambia kitu kizuri kama kile." Akafuta mikono kwenye aproni. "Sasa keti. Huwezi kusimama muda wote huo na hicho kifua."

Aliketi. Hakuweza kunywa chai aliyopewa.

*

Tarehe ishirini na tano Machi ilikuwa Ijumaa. Gari la kuazima lilikuja asubuhi na kubeba kitanda, saa ya ukutani, viti vinne na sanduku la vyombo. Mume wa Eluned alikuwa ameendesha tangu alfajiri kutoka Barry, ambako chumba kimoja cha nyuma kilikuwa kimesafishwa kwa ajili yao. Beseni la bafu lilibaki. Kilichofungwa kwenye nyumba ni cha nyumba, na nyumba ni ya mwenye ardhi.

Mlango kwa mlango, upande wa juu na upande wa chini, watu walitoka na kusimama. Kwa desturi ya bonde wangeimba. Mtu mmoja alianza, wimbo wa kanisani, halafu akaona uso wa Teifion akaacha.

Karani wa Plas Hendre, kijana mwenye mafua, alikuwa anangoja ufunguo kwenye njia ya miguu. Teifion alimpa. Kijana akamshukuru, akafuta pua.

Kisha wote wakagundua kwamba Ceinwen hajatoka. Teifion alirudi akaingia, akamkuta amepiga magoti upande wa ndani wa mlango, ndoo pembeni, mikono ya koti lake la safari imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anasugua kizingiti kwa brashi, kisha akakipaka ukingoni kwa jiwe jeupe laini kama chaki, mstari ulionyooka, kama afanyavyo kila mwanamke wa mtaa kila asubuhi.

"Ceinwen. Acha. Si chetu."

"Jana pia hakikuwa chetu," alisema, bila kuinua kichwa, "na nilikisugua."

Kijana alitaka kusema kitu kuhusu muda. Mostyn alimshika bega.

Ceinwen alimaliza mstari wake. Maji machafu hakuyamwaga barabarani. Aliyapeleka mpaka kwenye mfereji wa nyuma ya nyumba, kwa utaratibu, akarudi, akapiga magoti tena kuipindua ndoo ikauke kando ya mlango. Teifion alimpa mkono ili ainuke, na kwa kuwa mmoja hakuwa na mgongo na mwingine hakuwa na pumzi, walichukua muda mrefu kusimama. Waliruka kizingiti kilicholowa bila kukikanyaga, wakaenda kwenye gari.